Nusu ya ngapi? Chati ya asilimia 100 ilivyowaumiza wakulima wa mlimani

Mimi ni karani wa rekodi kwa ushirika wa maziwa hapa kaunti ya Nakuru, na naandika hii kwa ajili ya mtu yeyote ambaye bosi wake amemwambia "tuchoree chati ya kulinganisha" na vikundi anavyolinganisha havitoshani kwa ukubwa. Mimi niliambiwa hivyo mwezi wa tatu mwaka jana, nikachora, chati ikatoka safi kabisa, na kwa hiyo chati safi watu kumi na mmoja wakaitwa wezi mbele ya wenzao.

Tuko na vituo vitatu vya kupokea maziwa, sitavitaja kwa majina ya ofisi. Kimoja kiko chini upande wa Rongai, huko kuna joto na ndiko tunapokea maziwa mengi. Cha pili kiko upande wa Njoro. Cha tatu ni kadogo, kako juu kabisa ukielekea Mau Narok, baridi ya asubuhi huko inakata vidole na wakulima hawafiki hata dazeni. Nitaviita bondeni, kati na mlimani.

Kila mkulima akileta maziwa, mpimaji anayapima kabla ya kumwaga kwa mkebe mkubwa. Anayanusa na kuyaangalia, anatumbukiza laktomita, ikisoma chini ya 26 anashuku yameongezwa maji, halafu anachanganya maziwa kidogo na alkoholi kiasi sawa, yakiganda vipande vipande basi yameanza kuchacha na hayafiki kiwandani yakiwa salama. Yakikataliwa anaandika sababu kwa daftari. Sababu zetu ni nne tu, kuchacha, maji, uchafu, na dawa, yaani ng'ombe alidungwa na bado siku za kusubiri hazijaisha.

Kazi yangu ilikuwa kutoa hizo daftari za Januari hadi Machi, kuziingiza kwa Excel, na kuonyesha kwa mkutano wa wakulima kama kila kituo kinakataliwa maziwa kwa sababu gani. Nilikaa siku nne kuingiza tu, kwa sababu mwandiko wa daftari moja ulikuwa umelowa maziwa na kurasa zimeshikana. Hesabu ikatoka hivi. Bondeni delivari 240 zilikataliwa, kati ya hizo 144 ni kuchacha, 48 maji, 24 uchafu na 24 dawa. Kati zilikataliwa 100, kuchacha 45, maji 25, uchafu 18, dawa 12. Mlimani 12 peke yake, maji 6, kuchacha 3, uchafu 2, dawa 1.

Nikaanza na chati ya kawaida ya pau zenye vipande, ile ambayo urefu wa pau ni idadi yenyewe. Haikusaidia kitu. Pau ya bondeni ilijaza sikrini yote, ya kati ikawa chini ya nusu yake, na ya mlimani ikawa ni kaukingo tu, hivyo vipande vyake vinne huwezi kuvitofautisha hata ukisogeza macho. Kitu pekee chati ilikuwa inasema ni kwamba bondeni ni kubwa, na hiyo hakuna mtu alikuwa anauliza.

Hapo ndipo nikaona ile chaguo ya chini yake kwa menyu, inaitwa `100% Stacked Bar`. Hii inachukua kila pau inainyoosha mpaka mwisho, zote zinakuwa na urefu mmoja, na vipande vya ndani vinakuwa ni asilimia ya kikundi chenyewe. Kwa swali langu ndiyo ilikuwa chati ya haki, bado nasema hivyo hata leo, kwa sababu nilitaka kuona mgawanyo wa sababu ndani ya kila kituo bila ukubwa wa kituo kunisumbua. Shida ni kwamba inautoa ukubwa wote, haibakishi hata alama, na wewe ndiye unafaa kuurudisha kwa mkono.

Kabla sijafika kwa kosa kubwa kuna hivi viwili vidogo vilivyonilia muda, ujue mapema.

Cha kwanza, Excel ilichora kinyume mara ya kwanza. Pau zikawa ndiyo sababu na vipande vikawa ndiyo vituo, kwa hiyo pau ya kuchacha ilionyesha bondeni ina asilimia 75. Nikashtuka, nikadhani nimepata jambo kubwa, nikaanza hata kumwandikia meneja. Lakini fikiria, bondeni peke yake inaleta karibu thuluthi mbili za delivari zetu zote, lazima itakuwa na kipande kikubwa kwa kila sababu utakayoitaja, ukubwa wa kituo ulikuwa umerudi kwa mlango wa nyuma. Kikundi unachotaka kulinganisha ndicho kinafaa kuwa pau nzima, na asilimia 100 iwe ni ya hicho kikundi. Ukiona imepinduka bonyeza `Switch Row/Column` na usome tena kwa sauti: "kati ya zilizokataliwa mlimani, asilimia fulani ni maji". Kama sentensi haitoki vizuri mdomoni, pau zimekaa vibaya.

Cha pili, nilipoweka namba juu ya vipande, Excel iliandika idadi wala si asilimia. Pau imenyooka mpaka 100 lakini kwa kipande imeandikwa 144, mwingine 45, mwingine 3. Watu wanasoma 144 kwa pau ya asilimia wanachanganyikiwa. Nikaamua kutengeneza meza ya pili ya asilimia pembeni, kila idadi nikaigawanya kwa jumla ya mstari wake, halafu nikachora kutoka kwa hiyo meza:

```
=B2/SUM($B2:$E2)
```

Hiyo alama ya dola inashika safu zisihame ukivuta fomula kwenda kulia. Niliisahau mwanzo, asilimia za mlimani zikajumlika kupita 100, na nashukuru nilijumlisha nikaona.

Sasa chati ikatoka. Bondeni kuchacha asilimia 60, maji 20. Kati kuchacha 45, maji 25. Mlimani kuchacha 25, maji 50. Nilikuwa nimepaka maji rangi nyekundu kwa sababu hiyo ndiyo sababu inayoumiza ushirika zaidi, kuchacha ni bahati mbaya lakini maji ni mtu ameamua. Kichwa cha chati nikaandika "Sababu za kukataliwa kwa maziwa, Januari hadi Machi". Basi. Hakuna idadi popote, pau tatu za urefu mmoja zimepangana vizuri, na kwa ile ya mlimani nyekundu imechukua nusu nzima.

Siku ya mkutano projekta ilikuwa na mwanga hafifu na watu wa nyuma walikuwa wanaona rangi tu. Mjumbe mmoja wa bodi akasimama akaelekeza kidole akasema, nusu ya maziwa ya mlimani ni maji. Hakusema nusu ya yaliyokataliwa, alisema nusu ya maziwa. Na mimi nilikuwa nimesimama hapo na laptopu, nikasikia, na sikumrekebisha, kwa sababu wakati huo hata mimi kichwani nilikuwa naamini mlimani kuna shida ya maji. Hii ndiyo sehemu inayoniuma mpaka sasa. Mtu akapiga picha ya sikrini, kabla ya chai ya saa nne ilikuwa imefika kwa grupu ya WhatsApp ya wakulima wote, na chini yake mtu ameandika kwamba watu wa juu wanatuuzia maji ya mto. Bodi ikaanza kujadili kuwapima mara mbili na kuwakata kwa kila lita.

Kuna mama mmoja wa mlimani, ana ng'ombe wawili, alikuwa ameamka saa tisa usiku kushuka kwa huo mkutano. Alisimama polepole, akafunga leso vizuri, hakumwangalia mjumbe, aliniangalia mimi. Akaniuliza, "Mwanangu, hiyo ni nusu ya ngapi?"

Sikuwa na jibu kwa mdomo. Ilibidi nifungue ile meza nikitafuta, mikono inatetemeka, ukumbi umenyamaza. Nikasema, "Ni kumi na mbili, mama. Sita kati ya kumi na mbili." Akauliza tena, "Na sisi tumeleta mara ngapi?" Hiyo sikuwa nayo kabisa kwa laptopu, nilikuwa nimeingiza zilizokataliwa peke yake, zilizopokelewa sikuona haja. Akakaa chini. Mkutano ukaendelea.

Wakulima wawili wa mlimani waliacha kutuletea maziwa wiki iliyofuata, wakaanza kuwauzia mabroka wa pikipiki. Mmoja alirudi mwezi wa saba, mwingine hajarudi.

Nilirudi kwa daftari za mapokezi, hizo zilinichukua wiki tatu hivi, jioni baada ya kazi, kwa sababu kila siku ina ukurasa wake. Nilipanda pia mpaka mlimani mara tatu kwa boda, shilingi mia sita kwenda na kurudi kutoka pesa yangu, kuangalia daftari la huko na kuongea na mpimaji. Delivari zote za miezi hiyo mitatu zilikuwa hivi: bondeni 6,000, kati 2,500, mlimani 900. Nikagawanya.

Zilizokataliwa bondeni ni asilimia 4, kati pia asilimia 4, na mlimani ni asilimia 1 na kidogo. Yaani kituo tulichokuwa tunakitukana ndicho kilikuwa kinakataliwa maziwa kidogo kuliko vyote. Halafu nikaangalia maji peke yake, mara ngapi kwa kila delivari elfu moja. Kati ni 10, bondeni ni 8, mlimani inakaribia 7. Mlimani ndiyo ya mwisho hata kwa maji yenyewe!

Nilikaa na hizo namba muda mrefu nikijiuliza inawezekanaje, pau imeonyesha maji nusu nzima na kumbe maji ni machache kuliko kwingine. Jibu liko kwa kuchacha. Kwa kila delivari elfu, bondeni 24 zinakataliwa kwa kuchacha, kati ni 18, mlimani ni 3 tu. Baridi ya kule inayapoza maziwa ya jioni bila mashine yoyote, asubuhi bado ni mazuri, wakati bondeni kuna joto na lori linachelewa kuyachukua, kwa hiyo yanachacha yakiwa kwa mikebe. Sasa kwa pau ya asilimia 100 vipande vyote lazima vijaze urefu uleule. Kipande kimoja kikipungua, vingine vitanenepa vyenyewe ili kujaza nafasi, hata kama hakuna kilichoongezeka duniani. Kipande chekundu cha mlimani kilinenepa kwa sababu kuchacha karibu hakukuwepo.

Nilifanya jaribio moja ambalo nakuomba ulifanye na namba zako, linachukua dakika mbili. Nilichukua mlimani nikajiambia, tuseme huko nako kungekuwa na joto kama bondeni. Kuchacha 24 kwa elfu, mara delivari 900, ni kama 22 badala ya 3. Zile sita za maji nikaziacha vilevile, uchafu na dawa nikaviacha. Jumla inakuwa 31, na maji ni 6 kati ya 31, ambayo ni asilimia 19. Wakulima walewale, maji yaleyale mara sita, lakini kipande kimeshuka kutoka 50 hadi 19, karibu sawa kabisa na bondeni. Hakuna mtu aliyekuwa mwaminifu zaidi wala mwizi zaidi, ni hali ya hewa tu imebadilika kwa karatasi.

Kwa hiyo ukiona kipande ni kikubwa kwa kikundi kimoja, usiseme "hapa kuna zaidi" mpaka ujue kama jumla yenyewe inalingana. Bondeni na kati zote zinakataliwa asilimia 4, hapo pau mbili unaweza kuzilinganisha moja kwa moja, 60 ya kuchacha dhidi ya 45 ni tofauti ya kweli, na ukihesabu kwa elfu inatoka vilevile. Lakini mlimani inakataliwa kwa kiwango kingine kabisa, pau yake huwezi kuiweka kando ya hizo mbili bila kusema hivyo kwa sauti. Mimi nilifikiri kuzifanya zote ziwe na urefu mmoja ndiyo kuzifanya zilingane, na si hivyo.

Halafu kuna udogo wenyewe. Mlimani delivari moja iliyokataliwa ni zaidi ya asilimia 8 ya pau. Bondeni delivari moja ni chini ya nusu ya asilimia moja. Nilipofungua daftari la mlimani nikaona manne kati ya yale sita ya maji ni ya boma moja, siku nne zimefuatana mwezi wa pili, mwenyewe alikuwa amelazwa na nyumbani amebaki kijana wa kazi. Mwenyewe alipotoka hospitali ikaisha, haijarudi. Ukitoa hiyo wiki moja, mlimani inabaki na 8, maji ni 2, asilimia 25, sawasawa na kati. Hiyo nusu niliyoionyesha ukumbini, na rangi nyekundu, ilikuwa wiki moja ya boma moja. Pau yenyewe haiwezi kukuonyesha hivyo, pau ya delivari 12 na pau ya delivari 240 zina unene mmoja na zinajiamini sawa.

Baada ya hapo niliichora upya. Kwanza nilijaribu njia ambayo najua wengi wataifikiria, kuweka na zilizopokelewa vizuri ndani ya pau, ili 100 iwe ni delivari zote. Ni kweli kihesabu lakini haionekani, asilimia 96 na zaidi ya kila pau inakuwa rangi moja na sababu zote nne zimebanana pale mwisho kama kucha. Nikaitupa.

Niliyobaki nayo ni chati mbili kwa ukurasa mmoja. Kushoto pau za kawaida tatu, zisizo na vipande, zinaonyesha zilizokataliwa kwa kila delivari elfu: 40, 40, 13. Hiyo mtu anaisoma kwanza, ndiyo inamwambia shida iko wapi na ni ya ukubwa gani. Kulia ndiyo ile ya asilimia 100, na jina la kila pau limebeba idadi zake, si kwa maelezo ya chini ambayo hakuna mtu husoma bali pale pale ubavuni: "Bondeni (240 kati ya 6,000)", "Kati (100 kati ya 2,500)", "Mlimani (12 kati ya 900)". Kichwa nacho nikakibadilisha kikawa kirefu na hakinisumbui urefu wake: "Kati ya maziwa yaliyokataliwa, yalikataliwa kwa nini?" Mtu akipiga picha ya hiyo akaitupa kwa WhatsApp, swali la yule mama limeshajibiwa ndani ya picha.

Nilibadilisha pia mpangilio wa vipande. Kwa chati ya kwanza kuchacha kulikuwa mwanzo na maji yakafuata, kwa hiyo kipande cha maji kilianza mahali tofauti kwa kila pau, kingine kwa 60, kingine 45, kingine 25. Jicho haliwezi kupima urefu wa kitu kinachoanzia mahali tofauti, linaangalia tu kinaishia wapi au rangi imejaa kiasi gani. Vipande vinavyoanza pamoja ni vile vya mwanzo peke yake, na vya mwisho vinaishia pamoja pale kwa 100, hivyo viwili ndivyo unaweza kulinganisha bila kuhangaika. Kwa hiyo maji nimeyaweka mwanzo, kuchacha mwisho kabisa, uchafu na dawa zikakaa katikati kwa sababu ni ndogo na hakuna uamuzi unaotegemea hizo. Na mpangilio ni mmoja kwa pau zote, usiupange kila pau kwa ukubwa wake. Nyekundu nimeitoa, maji sasa ni bluu iliyokolea, zilizobaki ni kijivu za viwango tofauti ambazo hata ukitoa nakala nyeusi na nyeupe bado zinaonekana.

Kitu kingine cha Excel, pau za kulala huwa zinapangwa kutoka chini kwenda juu, mstari wa kwanza wa meza unakuwa pau ya chini. Ukitaka zifuatane na meza yako kuna kisanduku cha `Categories in reverse order` kwa mpangilio wa mhimili. Sijui ni watu wangapi wamesoma jina la kituo kimoja na pau ya kingine kwa sababu ya hiyo.

Nilimpelekea meneja karatasi mpya na nikamweleza kosa langu lote bila kuficha, kwamba chati haikuwa na uongo kwa namba yoyote lakini mimi ndiye niliyeacha nje kitu cha kuifanya isomeke. Alinyamaza, akaniuliza kama naweza kuieleza bodi vilevile. Nikaieleza. Mpango wa kuwakata mlimani ukafutwa, na ile pesa ya kupima mara mbili ikaenda kwa kitu ambacho chati ilikuwa inakisema tangu siku ya kwanza na hakuna mtu alikisikia: kuchacha kwa bondeni. 144 kati ya 240. Lori sasa linaanza bondeni alfajiri badala ya kumalizia huko.

Kupanda mlimani kuomba msamaha nilienda peke yangu. Nilikaa jikoni kwa yule mama, moto unawaka, akanimiminia maziwa ya moto kwa kikombe cha bati. Nikamwonyesha karatasi mpya. Hakuangalia rangi, aliweka kidole pale ubavuni pameandikwa 12 kati ya 900, akakisogeza mpaka kwa 240 kati ya 6,000, akarudi tena. "Hii ungetuletea siku ile," akasema. Nikamwambia, "Ndiyo, mama. Nisamehe." Akanisukumia sukari.

Tangu hapo tumekubaliana ofisini kwamba kituo kikiwa na zilizokataliwa chini ya 30, hakichorewi pau ya asilimia. Hiyo 30 si sheria ya hisabati, tuliichagua sisi kwa sababu chini ya hapo delivari moja inasukuma pau zaidi ya asilimia 3 na tukaona hiyo ni nyingi mno kumhukumu mtu nayo. Kituo kama hicho tunakiandika kwa idadi tu. Miezi mitatu iliyofuata mlimani walikataliwa mara 9, kwa hiyo kwa ukurasa wa mkutano wa mwezi wa saba kulikuwa na pau mbili, na chini yake mstari mmoja: Mlimani, 9 kati ya 870, kuchacha 4, uchafu 3, maji 2.